Tarehe Tatu za Risiti Moja

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi, na mkunga akashindwa kuikunjua. Sasa mtu wa namna hiyo, duka letu la vifaa vya umeme likamchukua likamweka kwenye meza ya kubadilisha bidhaa, mahali ambapo kila anayekuja amekuja kugombana. Nimekaa pale miaka minne. Asubuhi, kabla watu wa kugombana hawajaamka vizuri, nakaa kwenye mashine ya malipo nikiuza kama keshia wengine. Ikifika saa nne nahamia mezani kwangu, nakunja mikono ya shati, nasema haya, aje wa kwanza.

Jumamosi tu ndiyo siku ambayo hamnipati. Jumamosi nampeleka mama kliniki ya macho, na duka zima linajua, kuanzia mlinzi hadi meneja. Nilishasema siku ya kwanza ya kazi: siku tano nyingine za kazi nifanyeni mtakavyo, lakini Jumamosi mimi ni wa mama yangu.

Meneja wetu tunamwita Dakika Tano, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Ukimwuliza mzigo unafika lini, dakika tano. Mteja anakusubiri, dakika tano. Jina tunalitaja akiwa hayupo, lakini nadhani analijua. Huyo ndiye aliyebandika karatasi ukutani nyuma ya kiti changu, kwa herufi kubwa: TUNASOMA SIKU YA MAUZO TU. Na kwa kweli alikuwa na sababu.

Risiti yetu ina tarehe tatu. Juu kabisa kuna Siku ya mauzo. Chini ya bei kuna Imechapishwa, ambayo ina tarehe pamoja na saa na dakika. Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kuna Mwisho wa kubadilisha. Hiyo ya mwisho mashine inaihesabu yenyewe: siku saba kutoka siku ya mauzo, basi. Zamani watu walikuwa wanatuchezea. Mtu ananunua redio, anaitumia mwezi mzima, inaharibika, anakuja kusema risiti imepotea, nipeni nakala. Tunamtolea nakala, nayo inakuja na tarehe ya leo pale kwenye Imechapishwa, kwa sababu leo ndiyo siku iliyochapishwa. Anazunguka kona, anarudi na ile nakala: “Si unaona, tarehe ya leo hii!” Ndipo Dakika Tano akabandika karatasi yake. Usiangalie ilichapishwa lini. Angalia siku ya mauzo. Nami niliishika ile amri kwa mikono miwili.

Basi siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu, tarehe kumi na nane. Asubuhi, nilipotoka tu kuhamia mezani, akaja baba mmoja mwembamba, dobi, na pasi ya umeme ndani ya mfuko. Pasi ilikuwa haipati moto. Nikachukua risiti nikatazama juu: siku ya mauzo, Jumamosi tarehe tisa. Siku saba zilikwisha Jumamosi tarehe kumi na sita.

“Muda umepita, baba.”

“Dada, nimenunua Jumatatu iliyopita. Leo ndiyo siku ya saba. Mimi niko hapo nyuma ya kinyozi tu, ningekudanganya ili nikimbilie wapi?”

“Baba,” nikamwambia, na nilisema kwa sauti ili foleni isikie, “kalenda tunagawa bure pale mlangoni. Chukua moja ukaning'inize.”

Foleni ikaangua kicheko. Nami nikajisikia mtu. Nikachukua mhuri mwekundu, nikagonga pwa! juu ya risiti yake: MUDA UMEPITA. Yule baba aliutazama mhuri, akaitazama foleni inayomcheka, akachukua pasi yake akaondoka. Risiti aliiacha pale mezani, nami nikaitupa kwenye boksi la karatasi chafu chini ya miguu yangu. Baada ya dakika mbili nilikuwa nimeshamsahau.

Saa tisa alasiri akaingia fundi cherehani. Alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, futi ya kupimia bado iko shingoni, amekumbatia boksi lililokuwa karibu kumzidi kimo. Alilishusha mezani, boksi likanguruma.

“Mwanangu,” akasema, “hii ovaloki imenifia mkononi leo asubuhi. Nibadilishie.”

Ovaloki ni ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke. Bila hiyo, nguo ya kuuza haitoki. Nikaiunganisha kwenye umeme. Taa ikawaka, sindano haikucheza hata kidogo, na ndani kukasikika kitu kinasaga meno. Mashine ilikuwa mbovu kweli, hilo sikubisha. Nikanyoosha mkono kwa ajili ya risiti.

Siku ya mauzo: Jumamosi tarehe tisa.

“Muda umepita, mama.”

“Umepita vipi? Nimenunua Jumatatu.”

“Siku ya mauzo Jumamosi. Tazama mwenyewe. Na huku chini tazama, mwisho wa kubadilisha tarehe kumi na sita. Juzi.”

Akaisogeza risiti karibu na pua, akaisogeza mbali, akaweka kidole katikati. “Na hapa? Hapa pameandikwa tarehe kumi na moja, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Tarehe kumi na moja ni Jumatatu. Ndiyo saa niliyokuwa hapa.”

“Hiyo ni saa iliyochapishwa. Karatasi inaweza kuchapishwa siku yoyote. Sisi tunasoma siku ya mauzo tu.” Nikamwonyesha karatasi ya ukutani kwa kidole gumba, bila kugeuka.

“Kwa hiyo mashine yenu inauza Jumamosi, halafu karatasi inatoka Jumatatu?”

“Mama, usinichoshe.”

“Wewe ndiye unanichosha!” Akapiga meza kwa kiganja. “Nina sare mia na ishirini za shule! Mia na ishirini! Zimekatwa, ziko chini sakafuni kwangu, na mwalimu mkuu amesema zisipofika Ijumaa kazi anampa mtu mwingine, mwaka huu na mwaka ujao. Unanielewa? Nilinunua hii mashine kwa ajili ya kazi hiyo.”

“Tutaipeleka kiwandani itengenezwe bure. Dhamana yako ya mwaka bado ipo.”

“Inachukua muda gani?”

“Wiki sita.”

“Wiki sita!” Akageukia foleni. “Mmemsikia? Watoto wavae nini wiki sita, wavae risiti?”

Watu wakacheka, na safari hii hawakucheka upande wangu. Damu ikanipanda. Nikasimama. Mimi nikisimama, watu huwa wanarudi nyuma hatua moja, lakini yule mama alisogea mbele.

“Mama, hapa wanakuja waongo kila siku. Kila siku! Na wote wana watoto, wote wana Ijumaa!”

“Mwongo nani?” Sauti yake ikashuka, na hapo ndipo ilipokuwa kali zaidi. “Mimi mwongo? Wewe mwenyewe ndiye uliyeniuzia. Ulikaa pale, mashine ya pili kutoka mlangoni. Ukaniambia, mama usiitupe hiyo karatasi, itakufaa. Leo unaniita mwongo?”

“Mimi?” Hapo ndipo nilipopandwa na wazimu kamili. “Mimi nikuuzie Jumamosi? Mimi Jumamosi siko kazini! Miaka minne sijakanyaga duka hili Jumamosi hata moja! Muulize mlinzi! Muulize meneja! Jumamosi nampeleka mama yangu kliniki! Sasa nani mwongo?”

Nikapumua. Nilijua nimeshinda. Kwenye foleni mzee mmoja aliyekuwa amekumbatia feni akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia:

“Sasa binti, kama Jumamosi hukuwepo, na yeye anasema wewe ndiye uliyemuuzia... si basi hakununua Jumamosi?”

“Hakununua kwangu!” nikasema. Nikainamisha macho kwenye risiti ili nimwonyeshe namba ya keshia aliyemuuzia, nimalize kazi.

Keshia: 04.

Kila keshia ana namba yake na neno lake la siri, hakuna anayetumia ya mwenzake. Namba nne ni mimi.

Jamani. Nilihisi joto linaanzia kwenye vidole vya miguu linapanda. Mistari miwili chini ya ile Siku ya mauzo niliyokuwa naisoma kama maandiko, namba yangu mwenyewe ilikuwa imekaa inanitazama. Nilikuwa nimeapa mbele ya watu kumi na wanne kwamba sikuwepo. Nilijifunga kitanzi kwa mdomo wangu mwenyewe, na fundo nikalikaza.

“Mbona umenyamaza?” akauliza fundi.

“Ngoja,” nikasema.

“Nimengoja vya kutosha.”

“Nimesema ngoja!” Lakini sauti haikuwa ile.

Kompyuta ya mezani kwangu ina ukurasa wa kutafuta risiti kwa namba. Sikuwa na kawaida ya kuufungua, karatasi ya ukutani ilikuwa inanitosha. Nikaandika namba ya risiti. Ikatokea, nayo ilikuwa na mstari ambao haumo kwenye risiti ya mteja: Muda wa muamala, tarehe kumi na moja, saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi. Dakika ile ile iliyochapishwa. Na juu yake, Siku ya mauzo, tarehe tisa.

Nikarudi nyuma kuona risiti iliyotangulia, halafu iliyotangulia hiyo. Mauzo ya mwisho ya Jumamosi yalifanyika jioni, dakika nane kabla ya saa kumi na mbili. Namba iliyofuata, ile ile yenye siku ya mauzo Jumamosi, ilikuwa imeuzwa Jumatatu saa tatu na dakika tatu. Na nyingine baada yake, na nyingine. Mauzo tisa yote yamefanyika Jumatatu asubuhi, na mashine imeyahesabu yote kuwa ya Jumamosi.

Hapo nikakumbuka. Ile Jumatatu Dakika Tano alifika amechelewa, jasho linamtoka, akapita nyuma yetu akisema, “Simamisheni kuuza kidogo, dakika tano tu.” Tulisimama, wateja wakalalamika, kisha akatoka ofisini akasema endeleeni. Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nakwangua rangi ya kucha.

Mtu asiyefanya kazi na mashine hizi anaweza kudhani siku inageuka yenyewe usiku wa manane. Haigeuki. Saa inajiendea, lakini siku ya mauzo inabaki pale pale mpaka mtu afunge siku: ahesabu, aweke neno lake la siri, ripoti itoke, na ndipo mauzo yanayofuata yaanze siku mpya. Mtu huyo ni meneja peke yake. Asipofunga Jumamosi, basi Jumapili tumelala na Jumamosi iko wazi, na Jumatatu tunafika tunauza ndani ya Jumamosi. Kwa hiyo ile tarehe ya katikati, ambayo kwenye nakala ni uongo mtupu, kwenye risiti halisi ndiyo iliyokuwa inasema kweli, kwa sababu risiti halisi inachapishwa pale pale unapolipa. Na ya fundi ilikuwa halisi. Nakala inatoka na neno NAKALA kichwani, herufi nene, huwezi kulikosa. Ya kwake haikuwa nalo.

“Mama,” nikasema, “ulinunua Jumatatu.”

“Ala! Unanipa habari?”

“Niwie radhi.”

“Sitaki radhi, nataka mashine. Na sasa hivi saa ngapi?”

Ilikuwa inakaribia saa kumi. Siku ya saba ilikuwa ni hiyo hiyo, na duka linafungwa saa kumi na mbili. Nikabonyeza kubadilisha. Kompyuta ikakataa: muda umepita. Yenyewe inahesabu kutoka siku ya mauzo, haina akili nyingine. Mwenye uwezo wa kuipita ni meneja.

Nikamwambia fundi anifuate. Mteja haruhusiwi ofisini, najua. Nilifungua mlango bila kubisha.

Dakika Tano alikuwa anakula karanga. Nikaweka risiti mbele yake, juu ya maganda. “Weka neno lako la siri, huyu mama abadilishiwe. Alinunua Jumatatu.”

Akatazama pale pale ambapo mimi nilitazama. “Siku ya mauzo Jumamosi.”

“Jumamosi hukuifunga.”

“Nilifunga.” Hakuinua hata macho. “Siku ya mauzo ndiyo siku ya mauzo. Ukutani pameandikwa.”

“Ukutani umeandika wewe! Muda wa muamala ni Jumatatu saa tatu na dakika kumi na nne. Nimeuza mimi, keshia namba nne. Jumamosi mimi nilikuwa kliniki na mama, na wewe mwenyewe unajua!”

“Labda kuna mtu alitumia namba yako.”

Basi hapo, jamani, niliona giza. Mtu yuko tayari kunibambikia wizi wa namba ili asikiri kwamba alisahau kazi yake. Nikaenda kwenye kabati la faili. Akasimama, “Unatafuta nini?” Nikasema, “Dakika tano tu, bosi.” Nikavuta faili la ripoti za kufunga siku, nikafunua mpaka tarehe tisa.

Ilikuwepo, imebanwa vizuri. Pembeni, kwa kalamu yake ya bluu: Imefungwa Jumamosi saa 12:15 jioni, na sahihi yake yenye mkia. Lakini chini ya mahesabu mashine yenyewe ilikuwa imeandika yake: Siku ya mauzo tarehe tisa. Imechapishwa tarehe kumi na moja, saa tatu na dakika arobaini na moja asubuhi. Nikaweka kidole pale, nikakibakiza.

“Hiyo nilichapisha tena Jumatatu,” akasema. “Ni nakala.”

“Nakala ina neno NAKALA kichwani. Wewe ndiye uliyenifundisha. Nionyeshe hapa liko wapi.”

Akatafuta. Nakwambia alitafuta kweli, mpaka nyuma ya karatasi. Fundi naye akainama kumsaidia kutafuta, kwa kejeli, futi yake ikining'inia juu ya karanga.

“Halipo, baba,” fundi akasema.

Dakika Tano akakaa. Akajifuta uso. “Sikilizeni. Ile Jumamosi nilipata dharura, nikatoka nikijua narudi. Makao makuu wakijua siku ililala wazi siku mbili, mimi sina kazi. Mama, nakuelewa. Nitakusaidia.” Akavuta kibodi. Mashine ikamwomba neno la siri, akaweka. Ikamwomba sababu. Akaanza kuandika, nami nikasoma juu ya bega lake: Huruma kwa mteja.

“Futa,” nikasema.

“Si anapata mashine? Unataka nini tena?”

“Futa! Huruma gani? Unamhurumia kwa kosa lako? Ukiandika hivyo, makao makuu watasoma kwamba mama huyu alichelewa akabembeleza!”

“Na mimi sikuja hapa kubembeleza,” akasema fundi, taratibu, kila neno mahali pake. “Nimekuja siku ya saba, na mashine yangu mbovu, na karatasi yangu. Andika hivyo.”

“Andika: siku haikufungwa,” nikasema, “mauzo yalifanyika tarehe kumi na moja.”

“Nitakuandikia barua ya onyo wewe,” akaniambia.

“Niandikie. Na barua yenyewe usisahau kuiwekea tarehe.”

Akafuta. Akaandika nilivyosema, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Kompyuta ikakubali. Nikatoka stoo na ovaloki mpya, nikaijaribu mbele ya fundi kwa kipande cha kitambaa alichokitoa kwenye mfuko wa gauni, cha sare, rangi ya bluu. Ikaziba kingo safi kabisa. Risiti mpya ilipotoka hakuipokea mpaka alipoisoma yote kwa sauti, tarehe ya juu, ya katikati na ya chini. Akaikunja akaitia kifuani.

“Unajua,” akaniambia, “ile Jumatatu uliponiambia nisiitupe karatasi, nilisema moyoni, huyu dada ana roho nzuri.” Akabeba boksi lake akaenda. Hakusema ananionaje leo, na mimi sikuuliza.

Nilirudi mezani. Yale mauzo tisa bado yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Nikaanza kuyasoma, kwa hasira tu, niyaprinti nimbandikie Dakika Tano ukutani juu ya karatasi yake. Jiko la umeme. Taa mbili. Ovaloki. Saa tatu na dakika ishirini na mbili, pasi ya umeme, keshia 04.

Pasi.

Nikapiga magoti, nikalivuta boksi la karatasi chafu. Nilimwaga kila kitu sakafuni mbele ya wateja, maganda, bahasha, vikaratasi vya pipi. Nikaipata. Mhuri wangu mwekundu ulikuwa umelala juu yake mshazari, mzuri, umekolea wino. MUDA UMEPITA. Chini ya wino, ukitazama vizuri: imechapishwa tarehe kumi na moja, saa tatu na dakika ishirini na mbili. Niliugonga mhuri juu ya ile tarehe yenyewe.

Saa ya ukutani ilikuwa kumi na moja na dakika ishirini. Mpaka saa kumi na mbili bado ilikuwa siku yake ya saba. Nikamwambia Dakika Tano kupitia mlangoni, “Asiguse mtu kompyuta yangu, na wewe usiondoke, leo hutoki!” Nikatoka mbio na sare ya duka, na viatu vyangu vya kubana, huku namtukana meneja, naitukana karatasi, najitukana mimi.

Nyuma ya kinyozi kuna uchochoro. Alikuwa pale, kwenye meza ndefu iliyofunikwa blanketi, anapiga mashati kwa pasi ya mkaa, anapuliza majivu kila baada ya muda. Ile pasi ya umeme ilikuwa chini, kwenye mfuko wake. Nguo zilizomsubiri zilikuwa zimefika kiunoni.

Nilikuwa nahema. Nikamnyooshea risiti.

Akaipokea. Akautazama mhuri muda mrefu. Kisha akaniangalia mimi, kuanzia viatu mpaka kichwani.

“Kalenda ni bure pale mlangoni, dada,” akasema. “Umechukua yako?”

Watu waliokuwa kwa kinyozi wakacheka, hawakujua hata wanacheka nini. Lo! Kilinichoma kile kicheko. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, tayari kumjibu. Nikaufunga.

“Nimekosea, baba,” nikasema. “Ulinunua Jumatatu. Nilikuuzia mimi. Nimekosea na nikakucheka. Twende ukabadilishiwe, duka linafungwa saa kumi na mbili.”

Hakuharakisha. Aliweka risiti juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akachukua ile pasi ya mkaa akairudisha juu ya shati.

“Sawa,” akasema. “Ngoja nimalize hii kola.”

Ilikuwa dakika thelathini kabla ya saa kumi na mbili. Nikasimama pale kando ya meza yake, nimekunja ngumi zote mbili, nikamngoja amalize kola, halafu mkono mmoja, halafu mkono wa pili.